Siku Tatu za Ubaoni: Saa ya Taylor, Chumba cha Hawthorne na Dirisha la Ofisi Lamu

Karibu kila ofisi ya serikali nchini Kenya ina ubao mlangoni wenye safu nne: huduma, mahitaji, gharama, muda. Wenyewe wauita mkataba wa huduma. Katika ofisi niliyokuwa karani wa masjala hapa Lamu, ubao ulisema kupokea ombi ni dakika 10, na cheti kutoka ni siku 3. Siku moja bi mkubwa mmoja aliyekuja kwa boti kutoka Pate alimwambia mjukuu wake amsomee ubao wote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, akaniuliza: "Mwanangu, hizi siku tatu zaanza kuhesabiwa lini?"

Nilimjibu zaanza leo. Haikuwa kweli, na nilijua. Ilinichukua miaka, na masomo ya jioni ya utawala, kuelewa kwamba swali lake ndilo lililowashinda watu wawili ambao mawazo yao yamejaa katika ofisi zetu bila majina yao kutajwa: Frederick Taylor na Elton Mayo.

Taylor alikuwa mhandisi wa Kimarekani aliyezaliwa 1856 na kukulia Philadelphia. Alianza na karaha moja ya kiwandani: mafundi walikuwa wakifanya kazi pole pole makusudi, na msimamizi hakuweza kuwabishia kwa sababu hakuna aliyejua kazi ile inastahili kuchukua muda gani. Dawa yake ilikuwa kuivunja kazi vipande vidogo vidogo, kupima kila kipande kwa saa ya kubonyeza, kutupa mizunguko isiyohitajika, kisha kuandika njia moja iliyo bora na muda wake. Kufikiri kunahamia kwa msimamizi, na mfanyakazi anabaki na kutekeleza. Mfano aliopenda kuusimulia ni wa kiwanda cha chuma cha Bethlehem karibu na 1899, ambako wapagazi walibeba vipande vya chuma vya kilo arubaini na kitu kila kimoja. Kwa masimulizi yake, mtu mmoja alitoka tani 12 na nusu kwa siku hadi 47 na nusu, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Wanahistoria waliochimba kumbukumbu za kiwanda baadaye waliona hadithi ile imepambwa sana. Lakini tazama hesabu hata kama ilivyosimuliwa: kazi imezidi karibu mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Wafanyakazi wa zama zile hawakuhitaji mwanahistoria awaonyeshe hilo.

Kitabu chake kikuu kilitoka 1911, na mwaka huo huo mfumo wake uligonga mwamba, tena ndani ya serikali. Jeshi la Marekani lilikuwa na karakana ya silaha Watertown, karibu na Boston. Agosti 1911 mpimaji aliingia na saa yake katika chumba cha kuyeyushia chuma, fundi mmoja akakataa kupimwa, akafukuzwa, na wenzake wakatoka nje kwa siku kadhaa. Bunge likaunda kamati, Taylor mwenyewe akaitwa kuhojiwa, na baadaye sheria za bajeti zikapiga marufuku fedha za jeshi kulipia upimaji wa saa. Marufuku hayo yalidumu mpaka 1949. Kwa hiyo anayedhani mfumo huu uliingia serikalini kwa kukaribishwa na mkeka, sivyo. Uliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia makaratasi.

Na makaratasi ndipo ulipostawi. Kufikia 1917 William Leffingwell alikuwa ameshaandika juu ya kuitumia mbinu ya Taylor ofisini, kwa wapiga chapa na makarani. Miaka ya 1930 Luther Gulick, aliyekuwa katika kamati ya Rais Roosevelt ya kupanga upya serikali, aliorodhesha kazi za mkubwa wa ofisi: kupanga, kuunda muundo, kuajiri, kuelekeza, kuratibu, kutoa ripoti, kuandaa bajeti. Waingereza nao, wakati wa vita vya pili, wakaweka kitengo katika Hazina yao cha kukagua mbinu za kazi za ofisi. Kenya ilirithi masjala, rejista na waraka kutoka kwa Waingereza, na kuanzia 2004 ikaongeza mikataba ya utendaji kazi yenye malengo ya tarakimu. Ubao wa mlangoni ni mjukuu wa ukoo huo wote. Kila "dakika 10" iliyoandikwa pale ni saa ya Taylor iliyogandishwa.

Sasa tulichukue faili moja tulifuate. Tarakimu nitakazotumia nimezikata ziwe nzima ili hesabu isitusumbue, lakini sura yake ni ile niliyoiona.

Ombi linapokelewa dirishani, dakika 5. Karani anakagua viambatisho, dakika 6. Linaingizwa kwenye rejista na kompyuta, dakika 8. Faili linafunguliwa masjala, dakika 4. Mkubwa anasoma na kutia sahihi, dakika 5. Muhuri na kutolewa, dakika 2. Jumla ni nusu saa. Lakini mwananchi anangoja siku 9 za kazi, ambazo kwa saa 8 kila siku ni dakika 4,320. Nusu saa ndani ya hizo haifiki hata asilimia moja. Muda uliobaki faili limelala.

Hapa ndipo saa ya Taylor inapopofuka. Saa ile hupima mkono wa mtu, na ilifaa kwa koleo na chuma kwa sababu pale kazi na muda vilikuwa kitu kimoja. Faili si hivyo. Hata ungetuletea makarani wanaofanya kazi kwa kasi maradufu, ungeokoa robo saa katika siku tisa.

Basi limelala wapi? Mezani kwa mkubwa. Yeye hutia sahihi mara tatu kwa wiki, maana siku nyingine yuko Mokowe mkutanoni au safarini, na kila akikaa humaliza mafaili 20, kwa sababu huyasoma kweli. Mara tatu kwa 20 ni 60 kwa wiki, yaani wastani wa 12 kwa siku. Maombi yanayoingia nayo ni 12 kwa siku. Yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Ripoti ya mwisho wa mwezi inaonekana safi kabisa. Ila pale mezani kuna rundo la mafaili 108 lisilopungua wala kuzidi. Kuna kanuni rahisi, ambayo John Little, mtafiti wa Kimarekani, aliithibitisha kwa hesabu mwaka 1961: chukua vilivyomo ndani, gawanya kwa vinavyotoka kwa siku, utapata muda wa kungoja. 108 kwa 12 ni 9. Ndizo siku tisa zetu.

Na rundo lilitoka wapi, kama kila siku tunalingana? Hili lilinishangaza nilipoligundua kwa kurudi nyuma kwenye rejista. Zamani kidogo mkubwa aliyekuwepo aliugua, siku tisa za kazi hazikutiwa sahihi. Tisa kwa 12 ni 108. Alirudi, akaendelea na kasi yake ya kawaida, na kwa kuwa kasi ile ilitosha tu kwa maombi mapya, yale 108 hayakuisha kamwe. Wananchi waliokuja mwaka mzima baadaye walikuwa wakilipa kwa siku zao ugonjwa wa mtu ambaye ameshapona na kuhamishwa.

Upande wa dirishani kuna jambo jingine ambalo ubao haulijui, nalo ni maji. Watu wa Faza, Kizingitini na Pate hufika kwa boti, na boti zinazopita mkondo wa Mkanda hungoja maji yajae. Kwa hiyo watu hawaji mmoja mmoja, wanakuja kwa shehena. Karani mwenye dakika 5 kwa kila mtu anaweza kuwahudumia watu 30 waliotawanyika katika saa tano bila hata mmoja kupanga foleni. Watu hao hao 30 wakishuka boti moja saa tatu asubuhi, wa mwisho atangoja wenzake 29, dakika 145, na karani hajazembea hata kidogo. Maji kujaa nako kunasogea kama dakika 50 kila siku. Yakijaa leo saa mbili asubuhi, baada ya siku tano yatajaa saa sita na dakika kumi, na dirisha letu hufungwa saa saba kwa chakula. Njia moja iliyo bora, kama Taylor alivyoitaka, ingebidi ifuate mwezi.

Mpaka hapa msomaji atasema tatizo ni la hesabu, na Mayo ana nini cha kuongeza? Ana, ila si kile kinachotajwa zaidi.

Kinachotajwa zaidi ni taa. Kuanzia 1924, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, nje kidogo ya Chicago, walijaribu kubadilisha mwanga ili kuona kama kazi itaongezeka, na matokeo hayakufuata mwanga kwa mpango wowote. Kisha kuanzia 1927 wakawatenga wasichana wachache waliokuwa wakiunga vifaa vya simu katika chumba chao, wakawapa mapumziko na kufupisha siku ya kazi, na kazi ikapanda. Mayo, profesa wa Harvard mzaliwa wa Australia, na wenzake wakaeleza kwamba kilichopandisha kazi ni watu kusikilizwa na kuwa kundi. Hadithi hiyo inapendeza, na kila mwezeshaji wa semina anayo. Husahau kusema kwamba wasichana wawili waliokuwa wakiongea sana waliondolewa na kubadilishwa mapema 1928, na kwamba chumba kile kilikuwa na mpango wake wa malipo, ambapo jitihada ya kundi dogo ilionekana moja kwa moja mfukoni. Alex Carey, mwanasaikolojia wa Australia, aliyaanika hayo 1967 bila huruma.

Chumba ambacho kila mtu anayefanya kazi serikalini angepaswa kukijua ni kingine. Novemba 1931 hadi Mei 1932, watafiti walikaa na wanaume 14 waliokuwa wakiunga nyaya, na safari hii hawakubadilisha kitu, walitazama tu. Waliona kwamba wanaume wale wana kiwango chao cha siku, walichokubaliana bila kukiandika, kilicho chini ya uwezo wao. Aliyezidi aliitwa majina na kupigwa ngumi ya begani. Aliyepungua sana naye alisemwa. Aliyewachongea wenzake kwa msimamizi alikuwa mbaya kuliko wote. Na jambo tamu zaidi: aliyefanya zaidi leo hakuandika yote, aliweka akiba ya kuandika kesho, ili takwimu zitoke mstari ulionyooka. Hofu yao ilikuwa kwamba kiwango kikionekana kinapandika, malipo kwa kila kipande yatashushwa au watu watapunguzwa. Nje ya ukuta ule ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kweli watu walikuwa wakipunguzwa.

Niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu. Wiki yangu ya pili kazini niliingiza mafaili 20 kwenye rejista kwa siku. Karani mkubwa wetu, mtu mpole aliyenifundisha kila kitu, alinivuta pembeni nje, kivulini, akaniambia: "Kijana, punguza. Wewe ukifanya ishirini leo, mwakani sote tutaandikiwa ishirini." Hakunipiga ngumi ya bega, lakini siku mbili sikualikwa kahawa.

Hakuwa mvivu, alikuwa akiusoma mkataba wa utendaji vizuri kuliko waliouandika. Lengo la mwaka ujao huwekwa juu ya matokeo ya mwaka huu, hivyo anayezidi huchimba shimo lake mwenyewe. Dalili yake ni rahisi kuiona kwa yeyote mwenye rejista: hesabu ya kila siku ni ile ile, 12, 12, 11, 12, wiki ya bamvua boti zinapojaa watu na wiki ya maji mafu dirisha likiwa tupu. Kazi ya watu halisi haiwi sawa hivyo. Ukiona mstari ulionyooka, jua kuna mkono umeunyoosha.

Na mkono wetu uliunyoosha kwa muhuri. Muhuri wa IMEPOKELEWA ulikaa masjala, ndani, sio dirishani. Ombi lililokuja siku ya msongamano liliwekwa ndani ya bahasha, mwenyewe akaambiwa arudi kesho kutwa kuona kama viambatisho vimetimia. Tarehe iligongwa tulipokuwa tayari. Kwa hiyo saa ya siku tatu ilianza tulipotaka sisi. Bi mkubwa wa Pate alilihisi hilo bila kuingia masjala.

Shule ya Mayo ilipofika ofisini kwetu haikufika kama uchunguzi wa aina hii. Ilifika kama sanduku la maoni, keki ya mwisho wa mwaka, siku ya michezo Shela, na mkubwa anayezunguka asubuhi kuuliza watoto hawajambo. Simdharau, ofisi isiyo na salamu ni jela. Lakini rundo la 108 halikuguswa na keki. Hapo ndipo naona Taylor na Mayo ni ndugu wa tumbo moja, ingawa vitabu huwapambanisha: mmoja anaubadilisha mkono wa karani, mwingine anaubadilisha moyo wake, na wote wawili wanaiacha meza ya mkubwa kama ilivyo. Mary Parker Follett, mwandishi wa Kimarekani wa mambo ya uongozi aliyefariki 1933, alikuwa ameshasema jambo la tatu, kwamba amri itoke katika hali yenyewe inavyodai, si katika cheo cha anayeitoa. Hakutajwa sana semina zetu.

Mabadiliko yalikuja na mkubwa mpya, ambaye badala ya kutuuliza habari za nyumbani alituuliza faili hukaa wapi. Tulikaa kimya muda mrefu. Mwishowe tarishi, ambaye ndiye aliyeyabeba mafaili yote maisha yake yote, akanyoosha kidole kwenye meza ya mkubwa mwenyewe. Ikaandikwa barua ya kumkaimisha msaidizi kutia sahihi maombi ya kawaida siku mbili ambazo mkubwa hayupo. Si jambo dogo: mkaguzi akija, jina lililo kwenye cheti ndilo linalojibu, na wakubwa wengi hushikilia kalamu kwa hofu hiyo kuliko kwa kiburi.

Hesabu yake ni hii. Vikao vitano kwa wiki, mafaili 20 kila kimoja, ni 20 kwa siku. Yanaingia 12, basi rundo linapungua 8 kila siku. Baada ya siku 9 za kazi yamebaki 36. 36 kwa 12 ni 3, na tukafika kwenye siku tatu za ubaoni, bila karani yeyote kuongeza kasi.

Karani mkubwa ndiye aliyeweka breki. "Na mia na nane yakishaisha," akauliza, "hiyo ishirini ya kila siku tutaitoa wapi?" Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Maombi ni 12 tu. Zile 20 zilikuwa za kumaliza deni. Lau lengo lingeandikwa kwa idadi ya mafaili, tungeshindwa kila mwaka tangu hapo, na tungerudi kwenye akiba na bahasha. Mkubwa akakubali lengo liandikwe kwa umri wa faili: pasiwepo ombi lililozidi siku 3 tangu kupokelewa. Ndipo ikaja zamu ya muhuri. Ukatolewa masjala ukafungwa kwa kamba pale dirishani, ugongwe mbele ya mwenye ombi.

Mwezi wa kwanza, wakati rundo likiwa bado linashuka, wastani wetu kwenye ripoti ulipanda kutoka siku 9 hadi 11, kwa sababu sasa siku za bahasha nazo zilihesabiwa. Barua ikaja kutoka juu ikimtaka mkubwa aeleze kwa nini utendaji wa ofisi yake umeshuka.